Hema la Bwana Sita

"Tone moja la maji likipenya kwenye hema langu, nalinywa mimi mwenyewe, mbele yenu!"

Maneno hayo yalisemwa kwenye kipaza sauti, siku soko la mitumba lilipofunguliwa upya, na aliyeyasema hakuwa mgeni rasmi. Mgeni rasmi alikuwa amekiweka kipaza sauti mezani ili anywe soda, na fundi wa mahema akaona Mungu amemfungulia mlango.

Fundi huyu mtaani tulimwita Bwana Sita. Kwa miaka mingi alishona viti vya magari, kisha akahamia kwenye vifaa vya kupiga kambi: mahema yaliyotumika, mifuko ya kulalia, magodoro ya kupuliza yaliyokwisha pumzi. Kila hema lililopita mikononi mwake, hata lile la mtoto kuchezea barazani, alilitangaza kwa wimbo uleule: "Wanalala sita!"

Asidhaniwe alikuwa akibuni. Alipima. Aliwalaza watu wa nyumbani kwake, yeye, mkewe, shemeji yake na mabinti watatu, kichwa huku miguu kule, kama dagaa kwenye kopo. Ila familia ile ni nyembamba kiasi kwamba wakisimama kwenye foleni unadhani ni mtu mmoja anayesitasita. Na kipimo kilikuwa dakika moja, bila kupumua sana.

Basi kulikuwa na hema moja la rangi ya chungwa ambalo halikununuliwa. Lilikaa sebuleni kwake, limekunjwa vibaya, mahali pa kochi. Wageni walikalia hema. Mkewe alivumilia mpaka siku mama yake mzazi alipokuja, akakalia kigingi.

"Baba Mabinti," alisema yule mke, kwa upole ule unaotisha kuliko kelele, "Jumamosi jua likizama, hili hema liwe limetoka humu ndani. Lisipotoka, utatoka nalo. Si unasema wanalala sita? Utajinafasi."

Jumamosi asubuhi Bwana Sita alilibeba hema mpaka kibandani, amenyong'onyea kama anayepeleka mgonjwa. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, anayeuza chai kibanda cha pili, alimwona.

"Shemeji, umefukuzwa tayari au unafanya mazoezi?"

"Chemsha chai, wewe."

Kabla ya saa sita mteja alifika. Mama mmoja mpana, kiongozi wa wapima ardhi, na nyuma yake vijana wake watatu, kila mmoja mkubwa kama mlango wa ghala. Walikuwa wanakwenda porini kupima mipaka, na moja kati ya mahema yao mawili lilikuwa limeoza. Mama Vipimo, hilo ndilo jina tulilompa papo hapo, alichomoa mkanda wa kupimia kabla hata ya salamu kuisha.

"Linalaza wangapi?"

"Sita, mama. Na wa saba akiwa na adabu."

"Uzito?"

"Kilo tatu tu. Utadhani umebeba kanga."

"Mvua?"

"Mvua?" Bwana Sita akacheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. "Mama, mvua inalikwepa hili."

"Limewahi kushonwa?"

"Limetunzwa," akajibu, na sisi tuliomzoea tukatazamana.

Mama Vipimo hakubishana. Alitoa mzani wa kuning'iniza, akapachika mfuko. Kilo saba na nusu.

"Ah," akasema Bwana Sita, "mimi nilipima bila fito."

"Na bila vigingi?"

"Na bila vigingi. Na turubai la juu lilikuwa kwenye kamba, linakauka."

"Kwa hiyo ulipima nini, baba?"

"Hema lenyewe," akasema kwa unyonge.

Wakalisimamisha kwenye uwanja wa waosha magari. Ufito mmoja ulikuwa umevunjika zamani, ukaungwa kwa kipande cha bomba kilichovishwa pale palipovunjika. Hema likasimama vizuri, fundi haki yake apewe. Vijana wakaingia walale. Wa kwanza akaenea. Wa pili akaenea akiwa ubavu. Wa tatu aliingia kiwiliwili, magoti yakabaki yanaota jua.

"Huyu naye?" akauliza Mama Vipimo.

"Huyo amelala ndani," akasema Bwana Sita. "Miguu ndiyo imetoka kupunga upepo."

Watu walikuwa wamejaa sasa. Shemeji wa chai aliacha birika linachemka. Mkewe Bwana Sita naye alikuja, amekunja mikono, anatazama jua lilipofika.

Yakabaki maji. Muosha magari akaleta bomba lake la kishindo, lakini Mama Vipimo akamzuia: "Hilo linang'oa hata rangi ya gari, tutaonea hema bure. Fungua kidogo, bana mdomo kwa kidole, linyunyize kama mvua." Bwana Sita, kwa kiburi kile kile cha kipaza sauti, akaingia ndani mwenyewe, akajilaza chali, akafunga zipu.

Maji yakanyesha paani. Tukasubiri.

"Kukavu!" ikasikika sauti. "Kukavu kama... kama..."

"Kama nini, shemeji?" akauliza muuza chai.

"Kuna kitu kwenye paji la uso wangu," ikasema sauti.

Zipu ikafunguka. Alitoka na matone yakimshuka puani. Mama Vipimo akaingiza kichwa, akatazama juu, akapapasa turubai. Pale paani palikuwa na kiraka, nguo ya mwavuli wa kijani, kimeshonwa kwa uzi mzuri sana. Mistari mitatu.

"Nani alishona hapa?"

"Mimi," akasema Bwana Sita. "Kiti cha basi nikikishona mistari mitatu, hakifumuki maisha."

"Kiti cha basi hakinyeshewi, baba. Sindano ikipita imeacha tundu. Umetengeneza chujio."

Uwanja mzima uliangua kicheko. Shemeji tayari alikuwa amefika na glasi. Hakuwa ameambiwa na mtu. Alikinga pale maji yalipodondoka kutoka kwenye kiraka, yakapita wavu wa paa la ndani, akajaza nusu, akampa kwa mikono miwili kama anayemkaribisha mkwe.

"Karibu, Bwana Sita. Neno ni deni."

Akanywa. Uso ukajikunja.

"Yana ladha ya mwavuli," akasema.

Mama Vipimo alikuwa anakunja mkanda wake aondoke. Hapo ndipo mkewe aliposogea, maana alikuwa ameshaliona hema likirudi sebuleni kwake kwa miguu yake.

"Dada, ngoja nikueleze mimi," akasema. "Wanalala wawili na mabegi yao. Watatu wakiwa wamegombana na mabegi. Kilo saba na nusu, umeona. Ufito mmoja umeungwa. Zipu ni mpya, ile ya zamani aliivunja yeye. Sakafu haipitishi maji, nimeimwagia supu mwenyewe kwa bahati mbaya. Paa linavuja kwenye kiraka tu. Yale matundu yakipakwa gundi ya mishono, ndani na nje, ikakauka mpaka kesho, halivuji tena. Likivuja, tutakuletea yeye umlaze nje."

Mama Vipimo akatafakari. "Mimi nilale na vyombo vyangu, hawa wana lao jingine," akasema. "Ipakwe. Kesho nakuja na ndoo."

Jua lilizama, na hema lilikuwa limetoka ndani. Bwana Sita alilala chini ya kiraka chake, akinusa gundi, na miguu yake ilienea vizuri kabisa. Asubuhi Mama Vipimo alimwaga ndoo tatu juu yake, polepole, kwa kopo lenye matundu. Hakulowa hata kope.

Alijaribu kusema neno kuhusu mvua kulikwepa hema. Mkewe akamtazama.

Likauzwa elfu themanini na tano.