Watu Watatu wa Kiti Kimoja

Kila asubuhi, kabla hata hajafungua madirisha, shangazi yangu alitoa kopo la maharage makavu kwenye droo ya meza yake na kulitikisa mara moja, kama mtu anayeuliza kama wenyewe wapo. Kisha aliweka mbele yake karatasi. Ilikuwa barua pepe aliyoiandika jana yake jioni na hakuituma. Barua yoyote ya maana aliilaza usiku mmoja, akaichapisha, na asubuhi akaisoma kama mtu asiyemjua yeyote kwenye kiwanda hiki.

Kiwanda chetu ni cha mikate. Shangazi alikuwa karani wake kwa miaka kumi na mmoja. Sisi wa meza ya kufungasha tulimwona vizuri, kwa sababu ukuta wa ofisi ni kioo kuanzia kiunoni kwenda juu. Mimi ndiye niliyekaa karibu na kioo. Sikuwa msemaji, basi nilitazama.

Maharage yalifanya kazi hii. Kila barua ilipotaja mtu au kitu kwa mara ya kwanza, shangazi aliweka punje moja mezani. Ikimtaja tena kwa jina lile lile, haongezi kitu. Ikimtaja kwa jina jingine, anaongeza punje, hata kama yeye mwenyewe anajua ni yule yule. Akimaliza anahesabu. Kama barua inahusu watu wawili na aina moja ya mkate, punje ziwe tatu. Zikiwa tano, kuna mahali pameharibika.

Siku moja nilimuuliza nyumbani, maana kazini nilimwita Karani kama watu wengine.

"Shangazi, kwani msomaji hawezi kuelewa tu?"

"Anaelewa nini? Nikiandika juu kwamba shule inataka mkate wa gramu mia nane, halafu chini nikaandika mkate mkubwa, halafu nikamalizia na mkate mrefu, mpishi wa shule atauliza nini?"

"Kwa nini mnaleta mikate mitatu."

"Haya. Na hataniuliza mimi. Ataamua mwenyewe, halafu tutasikia Jumatatu."

Ndivyo alivyokuwa. Jina la mteja aliliandika kama mteja mwenyewe anavyoliandika, herufi kwa herufi. Mama mwalimu mkuu akiwa "Mwalimu Mkuu" kwenye salamu, habadiliki kuwa "Mama" katikati na "Mkuu wa Shule" mwishoni. Tarehe aliziandika kwa mtindo mmoja. Kifupi hakukitumia mpaka kwanza akiandike kwa urefu. Hamira, mwokaji wetu mkuu, alikuwa akimtania kwamba barua zake hazina chumvi. Tulimwita Hamira kwa sababu hasira zake huumuka haraka, ukizigusa kidogo tu zinanywea.

"Barua zako, Karani, mtu akisoma moja amesoma zote."

"Na umewahi kuona lori limerudi na mkate kwa sababu ya barua yangu?"

Hamira alirudi kwenye tanuri. Hakuwa ameona.

Meneja wetu alikuwa mtu wa aina nyingine. Kijana mzuri, msafi, anayesalimia watu wote. Lakini shuleni mwalimu wake wa insha alimwambia kwamba kurudia neno ni dalili ya umaskini wa msamiati, na yeye alilishika hilo kama dini. Kwake mkate ukishakuwa mkate mstari wa kwanza, mstari wa pili lazima uwe bidhaa, na wa tatu uwe zao la tanuri. Barua zake alizipitisha kwa shangazi, naye alizirudisha zikiwa zimenyooshwa. Meneja alinung'unika, kisha akatuma.

Mwaka huu kiwanda kilinunuliwa na tajiri mpya. Anaishi mbali, hajawahi kukanyaga hapa, na anatujua kwa barua pepe tu. Mwanzo wa mwezi aliomba taarifa ya kiwanda. Siku hiyo shangazi alikuwa kwa daktari wa meno. Meneja akaandika mwenyewe, akatuma kwa simu yake, akiwa amesimama palepale mlangoni, anatabasamu.

Jibu lilikuja Jumanne. Nililiona kabla ya kulisikia, kwa sababu meneja alikaa chini taratibu kama mtu anayekaa kwenye maji baridi. Akamwita shangazi. Mlango wa ofisi haufungiki vizuri, na mashine ya kukata mikate ilikuwa imezimwa, basi tukasikia.

"Karani, hebu soma hii."

Shangazi akasoma kwa sauti yake ya kusomea barua. "Nimefurahi kusikia kazi inaendelea. Ila ofisi moja ndogo, watu watatu wa kukusaidia ni wengi. Msaidizi wako abaki. Karani na mhudumu wa ofisi waachishwe kazi kabla ya mwisho wa wiki. Nijulishe ukishafanya hivyo."

Nilidhani atalia au atapiga kelele. Hakufanya hata kimoja. Aliinamisha kichwa pembeni, kama kuku aliyeona kitu kinang'aa.

"Watatu?" akauliza. "Amewapata wapi?"

"Mimi sijui. Ofisini tuko mimi na wewe tu."

"Nionyeshe ulichomwandikia."

Meneja akamchapishia. Sehemu yenyewe ilikuwa fupi, baadaye niliishika mkononi: "Ofisini nafanya kazi na karani mwenye uzoefu wa miaka kumi na mmoja. Oda zote hupitia kwa msaidizi wangu, ambaye ni mwangalifu sana. Wageni nao hupokelewa kwa heshima na mhudumu wa ofisi, ndiyo maana wateja hawalalamiki."

"Nilikuwa nakusifia wewe," meneja akasema. "Mwanzo mpaka mwisho ni wewe."

"Nakuamini. Ila nataka kujua imekuwaje."

Akachukua kopo la maharage na ile karatasi, akaja mpaka kwenye meza yetu ya kufungasha. Akamwita Hamira, akampa punje.

"Jifanye hunijui. Soma hapa. Kila ukikutana na mtu mpya, weka punje."

Hamira alifuta unga mikononi, akasoma akisogeza midomo. Punje ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akakuna kichwa. "Mbona tuna watu wengi hivi na chai hailetwi?"

Watu wakacheka. Shangazi hakucheka, alikuwa anasubiri. Akamwita dereva wa lori, ambaye hata hakujua kuna habari gani. Dereva akaweka tatu, kisha akafikiri, akaongeza ya nne. "Hawa wageni nao si watu?"

"Ni watu. Toa wageni. Wa ofisini wangapi?"

"Watatu, mama."

Mwisho akamsogezea kopo meneja, ambaye alikuwa amesimama nyuma yetu mikono mifukoni. Meneja akasoma barua yake, akaweka punje moja tu. "Kwangu mimi ni mmoja."

"Kwa sababu ukinyanyua macho unaniona. Unahesabu kwa macho. Yule huko aliko ana karatasi tu."

Nikaona meneja ameelewa. Ilionekana masikioni, yalikuwa yamebadilika rangi.

Shangazi alirudi ofisini, akaandika barua kwa niaba ya meneja. Hakuchukua muda. Akatusomea mimi na Hamira pale mlangoni, kutaka kujua kama tumeelewa: "Katika taarifa yangu ya tarehe tatu nilitaja karani, msaidizi wangu na mhudumu wa ofisi. Hao wote ni mtu mmoja. Cheo chake ni karani. Kuanzia barua hii nitamwita karani tu. Ofisi ina watu wawili: meneja na karani. Naomba agizo lako la kuachisha watu wawili ulitazame upya."

"Mtu mmoja," Hamira akasema. "Hata mimi nimeelewa, na mimi sikufika mbali shuleni."

Ilibaki meneja kuituma, kwa sababu taarifa ilitoka kwake. Aliisoma mara mbili. Akaiweka chini.

"Siwezi kutuma hii."

"Kuna kosa?"

"Hakuna kosa. Lakini nitaonekanaje? Taarifa ya kwanza tu, tajiri atasema nimemtungia wafanyakazi hewa. Sikiliza, Karani, kuna njia rahisi. Namwambia karani na mhudumu wameachishwa, msaidizi amebaki. Yeye anafurahi. Wewe kesho uko hapo hapo kwenye kiti chako. Nani anapoteza?"

"Karani anapoteza."

"Karani ni wewe."

"Ndiyo. Miaka kumi na mmoja. Kwenye faili, kwenye kitambulisho cha kazi, kwenye kila barua iliyotoka hapa. Siku nikitaka barua ya sifa, tajiri atafungua faili, ataona karani aliachishwa kazi. Msaidizi ana wiki moja tu tangu umtaje."

"Jamani, si maneno tu hayo?"

"Ni maneno tu yaliyotufikisha hapa."

Meneja akatazama kioo, akatuona tunamtazama. Pengine tungegeuka angefanya vingine. Sikugeuka, na hilo nimelifikiria mara nyingi. Akachukua simu, akaandika kwa dole gumba haraka haraka, akabonyeza.

"Umetuma?" shangazi akauliza.

"Nimetuma."

"Nisomee."

Akamsomea, sauti ikishuka. "Karani na mhudumu wa ofisi tumewaachisha leo kama ulivyoagiza. Msaidizi anaendelea na kazi."

Shangazi alitikisa kichwa polepole, kama anayekubali mzigo umepimwa sawa. Safari hii meneja alikuwa ameandika bila kubadilisha hata neno moja la tajiri. Shangazi akachomoa ufunguo wa kabati la faili kwenye mkufu wake, akauweka mezani. Akaandika kwenye karatasi mahali faili za wateja zilipo, herufi kubwa. Akachukua mkoba na mwavuli.

"Unaenda wapi saa hizi? Oda ya shule haijajibiwa."

"Karani ameachishwa kazi, bwana meneja. Imeandikwa."

"Lakini msaidizi anaendelea!"

"Basi mwite."

Meneja alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayengoja mwenzake acheke pia. Shangazi alikuwa ameshapita mlangoni. Alipita katikati ya meza zetu akimshika kila mtu bega. Kwangu alisimama, akaninong'oneza kwamba jioni nisisahau kununua sabuni.

Hamira aliacha tanuri wazi, kitu ambacho hajawahi kufanya. "Dada yangu, tulia kwanza. Huyu kijana nitamwambia mimi, atatuma ile barua yako."

"Akituma ataituma kwa sababu umemkaripia. Kesho atatuma nyingine."

Akatoka nje. Tulimwona kupitia dirisha la upande wa barabara, akifungua mwavuli ingawa jua halikuwa kali sana. Meneja alikimbia mpaka getini, akaita Karani, akaita Mama, akaita tena jina ambalo sikulisikia kwa sababu mtu alikuwa amewasha mashine ya kukata mikate. Shangazi alisubiri lori la unga lipite, akavuka, akashika njia ya kushoto iendayo nyumbani. Hakurudi tena kiwandani.