Nusu ya Chini ya Fomu

Kila mwisho wa mwaka, ofisini kwetu Himbi, nilijaza fomu ya tathmini ya mama aliyesimamia vituo vyetu vya maji kule Kituku, ufukweni mwa ziwa. Nusu ya juu iliuliza kazi, nusu ya chini mwenendo. Ya juu ilijijaza yenyewe. Hata barabara zilipofungwa kwa vita na sisi wengine tukajifungia nyumbani, ufukweni kwake klorini haikukosekana. Watu walichota maji ya ziwa kwa madumu, na maajenti wake wakatia dawa hiyo katika kila bidoni.

Nusu ya chini ilinitoa jasho, kwa sababu aliwatukana maajenti hao mbele za watu. Mwaka wa nne, siku chache kabla ya fomu, alimpokonya ajenti mmoja, mjane, bomba la sindano la kupimia dawa, akamwuliza kama anajua hata kuhesabu vidole. Foleni nzima ikacheka. Mjane alikuwa amepima sawasawa.

Watatu walikwisha kuacha kazi. Mjane akaja kwangu.

"Papa shefu, kama ule mama anabakia, miye naenda. Na sina fasi ya kwenda."

Nikamwahidi kwamba mara hii nitaandika ukweli. Nikauandika wote, siku, mahali na maneno yaliyosemwa, nikapendekeza mama yule aondolewe usimamizi.

Nilipompelekea, ofisa wa wafanyakazi akafungua faili la mama yule, akanitolea fomu za miaka mitatu. Mwenendo: mzuri sana. Anaheshimu wenzake. Mwandiko wangu, sahihi yangu. Niliogopa mdomo wa mama yule, na zaidi niliogopa kumpoteza, basi kila mwaka nikafunika kombe mwanaharamu apite.

"Hakuna onyo hata moja humu," ofisa alisema. "Mupe onyo la maandishi, mupe miezi sita abadilike. Kisha tutaona."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniuma.

Nilimwita msimamizi nikamsomea onyo. Nilijiandaa kwa kelele, lakini hakupiga kelele. Alizitazama fomu za zamani nilizomwekea mezani, moja moja.

"Papa, kama ulikuwa unaona, juu ya nini haukuniambiaka? Miaka tatu! Miye nilifikiri njo vile munapenda kazi."

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nami nilikuwa nimemlea mtu mzima. Alitia sahihi kwamba amesoma, akaandika chini yake kwamba hakubali, akaenda zake.

Kesho yake nikashuka Kituku kumwomba mjane anivumilie miezi sita. Alinisikiliza huku mikono yake ikiendelea na kazi. Nilipomaliza, alitia dawa katika bidoni iliyokuwa mbele yake, akafunga kifuniko, akaniwekea bomba mkononi.

"Asante, Papa," akasema, akapanda njia kuelekea barabarani.

Mama aliyefuata kwenye foleni akanisogezea bidoni yake, akangoja. Nikalitazama lile bomba na mistari yake midogo. Sikujua kipimo.