Kitamburisho kwa R

Ilianza Jumatano, saa tisa na robo alasiri, mjomba aliponiambia, "Sogea kidogo, mama, mwenzio akae."

Nikasogea. Benchi la mbele ya kompyuta linatosha watu wawili wembamba, na mimi nilikuwa nimelizoea peke yangu tangu shule zifunge. Mwenzio mwenyewe alikuwa yule msichana Mkenya, mama yake anauza jumla mlango wa pili kutoka dukani kwetu, hapa Kamwokya. Akaketi, akavuta kibodi upande wake, akaniuliza kwa sauti tamu, "Sikubani, dada?" Nikasema hapana. Mimi huwa nasema hapana kwa kila kitu, halafu naenda kulia na daftari.

Niseme kwanza kazi yenyewe. Mjomba, kaka wa mama, ana duka la kompyuta. Watu wanakuja na vitambulisho vyao, anawajazia fomu za serikali mtandaoni, anawachapia karatasi. Kwa kuwa wanauliza maswali yale yale kutwa, alianza kutengeneza video: anarekodi kioo cha kompyuta hatua kwa hatua, huku akieleza kwa Kiswahili. Video za Kiingereza na Kiluganda zimejaa. Za Kiswahili chache, na watu wetu wapo: Wanubi wa Bombo, wake wa wanajeshi, akina mama kutoka Arua, Wakongo wenye karatasi za huku. Mjomba anasema yeye. Mimi naandika.

Naandika maneno yanayokaa pamoja na video: kichwa, maelezo ya chini, na lebo, yale maneno mafupi unayouwekea mtambo ili ujue video inahusu nini. Hakuna mtu anayemsifu mwandishi wa maelezo. Lakini mtu akiandika swali lake usiku huko Bombo, ikatokea sauti ya mjomba, mimi ndiye niliyemwelekeza njia. Hiyo ndiyo kazi pekee duniani ambayo sihitaji kufungua mdomo. Basi ndiyo niliyokuwa nanyang'anywa.

Video ya siku hiyo ilikuwa ya pasipoti. Nilikuwa nimeshaandika maelezo yake kama watu wanavyouliza pale kaunta, maana nimewasikiliza sana nikiwa nimejificha nyuma ya kioo: fomu gani, pesa ngapi, nije na nini.

"Fomu: ombi la pasipoti ya kawaida, inajazwa mtandaoni. Ada: shilingi 250,000, unalipa kwa namba ya malipo (PRN) utakayopewa ukishatuma ombi. Njoo na: kitamburisho cha taifa chenyewe na kopi yake, ombi ulilochapa, na risiti. Ukishalipa, chagua siku ya kwenda kupigwa picha na alama za vidole. Mtoto: cheti cha kuzaliwa na kopi za vitamburisho vya wazazi."

Mkenya akasoma kimya. Halafu akacheka. Si kicheko kibaya, na hicho ndicho kilichoniuma. Kicheko kibaya ningekijibu, walau daftarini.

"Aki, uncle, njoo uone. Kitamburisho!" Akaisema r kwa nguvu, ikanguruma kama bodaboda isiyo na bomba. "Kitam-burrrisho. Na huku chini kwenye lebo, kuripa. Kusafili. Wee, hii imejaa makosa!"

Mjomba akaja, akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. Mjomba mwenyewe husema "baluwa" kila anaposubiri barua, lakini siku hiyo alisahau.

Mimi najua inavyoandikwa. Shuleni nimesoma Kiswahili na nilifaulu. Ila nikiandika haraka mkono unafuata ulimi, na ulimi wangu umekulia Bwaise, kati ya Kinubi cha nyanya yangu na Kiluganda cha majirani, ambako l na r wanalala kitanda kimoja na hakuna anayejua nani alianza kuvuta shuka. Nilitaka kusema hivyo. Nikasema, "Rekebisha tu."

Akarekebisha. Na hapo, kwa kuwa nimeapa kuandika ukweli humu, niandike: alikuwa hodari. Vidole vyake havitazami herufi. Kichwa changu kilikuwa "Pasipoti mtandaoni." Chake: "Jinsi ya Kuomba Pasipoti ya Uganda Mtandaoni, Hatua kwa Hatua." Nikakiona kinang'aa, nikatamani kingekuwa changu, nikatamani pia umeme ukatike. Akaandika maelezo yanayoanza, "Karibu mtazamaji wetu mpendwa, leo tunakushika mkono katika safari yako ya kuipata pasipoti," na yakaendelea hivyo kwa mapambo kama harusi. Fomu, ada na karatasi zikashuka chini kabisa. Mjomba akasoma kwa sauti, mkono kifuani.

"Hiki ndicho Kiswahili! Binti, mama yako amekulisha nini?"

"Ugali tu, uncle."

Wakacheka tena. Na mimi nikatazama misuko yake, ilivyonyooka, nikafikiri hata nywele zake zinajua sarufi.

Halafu akafungua sehemu ya lebo, akazifuta zangu moja moja. Kuripa, puu. Kusafili, puu. Kitamburisho aliiacha mwisho, akanikonyeza, akaifuta. Juu ya lile sanduku la lebo kulikuwa na maandishi madogo ya kijivu. Nilianza kuyasoma, lakini akalifunga.

"Tutaichapisha kesho asubuhi," mjomba akasema. "Na toka kesho maelezo ataandika huyu. Wewe, mama, utanisaidia kupiga kopi. Sawa?"

"Sawa," nikasema. Mashine ya kopi iko nyuma, karibu na choo.

Kabla ya kufunga akaingia mama mmoja, amejitanda leso, mkoba kwapani. Alikuwa anataka kwenda kufanya kazi Uarabuni.

"Ssebo, mimi nataka pasipoti. Jana nimetafuta kwa simu, natafuta, natafuta. Iko Kizungu tu. Kiswahili hapana."

"Za wengine zipo chache, nyabo, utakuwa hukutafuta vizuri," mjomba akasema. "Uliandika nini?"

Akatoa simu, akaonyesha maneno aliyoyatafuta jana yake, bado yamepangana pale chini ya kijisanduku. Mkenya akainama, akasoma kwa sauti kabla hajafikiri: "Kuripa pasipoti. Pasipoti kitamburisho nini na nini. Pasipoti ya kusafili." Akaangua kicheko, akaziba mdomo. "Pole mama, umekosea tu kuandika. Ni kitambulisho. L."

Yule mama akaitazama simu yake kama imemsema vibaya mbele za watu. "Mimi sikusoma sana," akasema. "Naandika vile nasema." Akairudisha mkobani. Mjomba alikuwa ameshageuka kutafuta chaja.

Nilipaswa kusema kitu hapo. Maneno yenyewe nilikuwa nayo: ni zile zile! Ni lebo zangu zile zile! Lakini nikampa tu kiti, nikamwambia aje kesho na kitambulisho chake na kopi. Nililitamka neno taratibu sana, kwa l. Nikajichukia.

Nyumbani, mama alikuwa anamenya ndizi mlangoni kwa kuwa mvua ilikuwa imeacha maji uani. Akaniuliza mbona nimevimba. Nikamwambia kuhusu Mkenya, misuko, kichwa cha video, benchi.

"Una wivu," mama akasema.

"Sina."

"Unao. Hata mimi nilikuwa nao kwa shangazi yako, alijua kupika mkate wa kisra, mwembamba kuliko wangu. Wivu hauui. Ila usikae nao bure, ufanyishe kazi."

Basi nikaufanyisha. Nikachukua simu ya mama, nikatafuta mtandaoni yale maandishi madogo ya kijivu, maana yalikuwa yamenikwama jichoni. Nikayapata. Yalikuwa kwa Kiingereza, na maana yake ni hii: lebo hufaa pale ambapo watu hukosea mara nyingi kuandika maneno yanayohusu video yako, vinginevyo, kazi yake ni ndogo.

Nikasoma tena. Sanduku zima limewekwa kwa ajili ya makosa! Si kwenye kichwa. Kichwani Kiswahili cha Mkenya kikae, kinastahili. Lakini lebo ni mlango wa nyuma, wa wale wanaokuja wakiandika vile wanasema. Na huyo dada hodari alikuwa ameufunga mlango, akafagia na kizingiti.

Kuongea siwezi, lakini kutuma ujumbe naweza. Nikayapiga picha maandishi yale, nikamtumia mjomba, chini yake nikaandika: "Mjomba, yule mama wa pasipoti aliandika kitamburisho. Wewe unaandikaje baluwa?"

Nikala, nikaosha vyombo, nikajuta. Ndipo jibu lake likaingia: picha ya mtu anayecheka machozi, kisha, "Njoo mapema. Ufunguo uko kwa fundi viatu."

Nikalala vizuri? Hapana. Nilikuwa namwona Mkenya akiamka kabla yangu, akipata ujumbe kama huo huo, kwa Kiswahili kizuri zaidi.

Asubuhi nilifika fundi viatu akiwa bado anapanga soli. Nikafungua, nikawasha kompyuta, nikakaa katikati ya benchi. Kichwa chake sikukigusa, ingawa nilikitazama kwa muda. Maelezo yake niliyageuza: fomu, ada na karatasi nikazipandisha juu kabisa, maana simu huonyesha mistari michache tu mpaka mtu abonyeze, na yule mama asingebonyeza. Mtazamaji wetu mpendwa akashuka chini, akakaribishwe huko. Na neno kitambulisho nikaliandika kwa l, herufi kwa herufi.

Kisha nikafungua sanduku la lebo.

Mkenya alinikuta hapo. Nilisikia kandambili zake, halafu harufu ya mafuta ya nazi nyuma ya bega langu. Mjomba alikuwa ameshamwambia, niliona kwa jinsi ambavyo hakucheka.

"Dada," akasema, "na leseni mnaisemaje?"

"Reseni."

"Na risiti?"

"Lisiti."

"Yaani zote mnazigeuza? Ziandike basi, na hizo."

"Leseni haimo kwenye video," nikamwambia. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia. "Risiti imo."

Nikaandika lisiti. Nikaandika kuripa, kusafili. Alikuwa bado amesimama, mkoba begani, akingoja. Kitamburisho nikaiacha mwisho, kama yeye jana, nikaiandika polepole ili aione ikiingia. Nikabonyeza kuchapisha.

Kisha nikasogea kidogo. Kidogo tu.