Awamu Nne za Ada ya Rhoda

Ilipofika Aprili, Dunstan alikuwa amezoea kuchaji simu mbili, yake na ya marehemu mkewe. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Kila jioni akitoka kazini kwenye korona, kiwanda cha mkonge cha pale Mazinde, ambako alikuwa fundi wa mashine za kuchakata, alinawa mikono, akachomeka simu ya Efrazia ukutani, akakaa. Wakati mwingine alikaa mpaka giza likamkuta, na chakula alicholetewa na majirani kikapoa mbele yake; hata alipokionja hakusikia ladha.

Efrazia alifariki katikati ya Februari kwa presha. Walimzika, watu wakaja, watu wakaondoka. Dunstan hakulia. Shemeji yake Jacob, kaka wa marehemu, alimwambia machozi yatakuja yenyewe. Yeye aliyasubiri kama mtu anayesubiri basi asilokuwa na haja nalo.

Simu ya Efrazia ilikuwa bado kwenye kundi la wazazi wa shule ya bweni huko Handeni, alikosoma binti yao Rhoda, Kidato cha Pili. Wiki ya kwanza ya Aprili ujumbe uliingia: wazazi wakumbuke ada, mwongozo ni ule waliopewa Desemba. Dunstan alitafuta huo mwongozo. Alichokipata ni picha. Efrazia aliipiga siku ya kikao cha wazazi, karatasi ikiwa imebandikwa kwenye ubao wa matangazo. Ilikuwa imepinda, maandishi madogo, na pembeni kulia kidole gumba cha Efrazia kilikuwa kimeingia kwenye picha. Dunstan alikikuza kile kidole. Aliliona kovu la mafuta ya maandazi karibu na ukucha. Alingoja kitu kimpate. Hakikumpata. Akashuka chini ya karatasi, akasoma mstari mmoja tu: jumla kuu 1,680,000.

Mshahara wake ulikuwa laki tatu na elfu kumi.

Rhoda alikuwa nyumbani kwa likizo fupi, shule inafunguliwa Jumanne. Dunstan alimwambia bila kupandisha wala kushusha sauti.

"Utahamia shule ya kata hapa. Pesa hiyo hatuna."

"Sawa, baba," Rhoda alisema. Akaendelea kuchambua mchele, ila akawa anautupa mchele pamoja na mawe.

Cherehani ya Efrazia nayo Dunstan alikuwa ameshaipatia mnunuzi wa Mombo, laki tatu na nusu, aje kuichukua Jumapili. Alidhani zitasaidia sare za shule mpya na deni la jeneza. Akili yake ilikuwa imeishia hapo.

Jumamosi asubuhi alikwenda kibandani kwa Shamimu, wakala wa pesa ambaye pia alikuwa na kompyuta na mashine ya kuchapa. Shida yake ilikuwa moja, aandikiwe barua ya kumtoa mtoto shuleni.

"Kwa sababu gani, baba Rhoda?" Shamimu aliuliza.

"Ada. Milioni na laki sita na themanini."

"Yote kwa siku moja?"

Dunstan alitoa simu ya Efrazia mfukoni. Hakuwahi kujiuliza. Miaka yote ada ilikuwa kazi ya Efrazia. Yeye alitoa mshahara, Efrazia alijua unakwenda wapi.

"Hebu nipe hiyo karatasi."

Alimpa simu. Shamimu aliivuta picha, akaisogeza huku na huku, akachukua daftari. Alichora safu nne: nini kinalipwa, kiasi, mwisho lini, ukichelewa inakuwaje. Akaanza kunakili kidogo kidogo, akisoma kwa sauti.

"Ada yenyewe ni milioni moja na laki sita, kwa awamu nne. Ya kwanza 640,000, mwisho tarehe 13 Januari. Ya pili 320,000, mwisho 14 Aprili. Ya tatu..." Akaiinamia simu. "Hapa pana kidole."

"Ni chake."

Shamimu alimtazama mara moja, akarudi kwenye picha. "Pole. Ya nne 240,000, mwisho 15 Septemba. Halafu michango. Matibabu 30,000, pamoja na awamu ya kwanza. Mitihani 50,000, kabla ya mwisho wa Mei. Huu wa mitihani umeandikwa chini huku peke yake, ni rahisi kuupita."

Kiasi cha awamu ya tatu walikipata kwa hesabu. Shamimu alijumlisha awamu tatu zinazoonekana, akapata milioni moja na laki mbili, akaziondoa kwenye ada ya mwaka. Zikabaki laki nne. Akaongeza michango, elfu themanini, ikaja ileile jumla ya chini ya karatasi. "Basi hesabu imekaa. Ila tarehe siioni. Naona nne na Julai."

"Tarehe nne Julai," Dunstan alisema.

"Inaweza kuwa nne, inaweza kuwa kumi na nne au ishirini na nne. Siwezi kukuandikia tarehe ya kubahatisha. Naweka alama ya kuuliza, tutampigia mhasibu."

Kisha akasoma mistari miwili ya mwisho. Awamu ambayo haijakamilika siku saba baada ya tarehe ya mwisho inatozwa faini ya asilimia tano. Zikipita siku ishirini na moja, mwanafunzi anarudishwa nyumbani.

"Asilimia tano ya nini, hawajasema," Shamimu alisema. "Ya awamu nzima au ya kilichobaki? Tofauti yake siyo ndogo. Na mlishalipa kiasi gani?"

"Sijui."

"Nenda kaangalie stakabadhi."

Dunstan alirudi nyumbani. Chini ya vitambaa kwenye sanduku la Efrazia palikuwa na bahasha, na ndani yake stakabadhi mbili za benki. Aliileta bahasha kama ilivyo. Shamimu alizipanga mezani. Tarehe 10 Januari, 520,000. Tarehe 3 Februari, 157,500.

"Mia tano hizi zinatoka wapi?" alijiuliza, kisha akaanza kupiga mahesabu. Awamu ya kwanza na matibabu zilikuwa 670,000. Ukitoa 520,000 inabaki 150,000. Asilimia tano ya 150,000 ni 7,500. "Umeona? Faini ni ya kilichobaki, na ilitozwa mara moja tu. Mkeo ametuachia jibu." Akahesabu siku kwa vidole tangu Januari. "Na alilipa siku ya ishirini na moja yenyewe. Angelipa kesho yake, mtoto angerudishwa."

Dunstan aliitazama ile tarehe. Tarehe 3 Februari Efrazia alimwambia anakwenda sokoni Mombo. Alirudi jioni miguu imevimba, akalala bila kula.

Shamimu alimpigia mhasibu wa shule, Godlisten, akaweka sauti ya nje. Mhasibu alithibitisha: awamu ya tatu laki nne, mwisho tarehe 14 Julai. Faini ni ya salio. Mzazi anaweza kulipa nusunusu, mradi stakabadhi ifike ofisini.

"Mama Rhoda alileta yake mwenyewe mwezi wa pili," mhasibu alisema. "Nilimwambia angenitumia picha ingetosha. Akasema anataka aione imegongwa muhuri. Alikaa sana hapa nje, akaomba maji mara mbili. Nilimpa pole ya msiba binti yake alipokwenda mazishini. Nasikitika kwamba sikumwuliza siku ile kama anaumwa."

"Asante, mhasibu," Dunstan alisema. Sauti yake ilitoka sawasawa.

Handeni. Kutoka Mazinde ushuke Korogwe, ubadilishe gari, uende mpaka Handeni, urudi. Kwa miguu ile. Na yeye jioni hiyo alimuuliza kwa nini hakununua samaki.

Shamimu aligeuza ukurasa. Kilichobaki kwa mwaka mzima kilikuwa milioni moja na elfu kumi, na kila sehemu ilikuwa na siku yake. "Sasa tuanze na ya karibu. Una nini mkononi?"

Alikuwa na laki moja na themanini za rambirambi, na laki moja ya mshahara wa Machi. Zilipungua elfu arobaini.

"Hizo nitakopa," Dunstan alisema. "Pale kwa kausha damu."

"Usikope. Lipa 280,000 kabla ya tarehe 14. Faini inaanza ikipita 21. Mshahara wako unatoka 30, na mwanao hafukuzwi mpaka ipite tarehe 5 Mei. Tarehe 2 Mei unalipa arobaini yako na faini elfu mbili. Elfu mbili, baba Rhoda. Kausha damu atakula riba kiasi gani?"

Alimwandikia mstari huo kwa kalamu nyekundu. Kwa Julai na Septemba alimpangia akiba kila mshahara, lakini Julai pengo lilibaki palepale. Hapo ndipo alipouliza kuhusu cherehani.

"Naiuza kesho."

"Ukiuza unapata mara moja. Binti wa Mwinjuma, hapa mtaani, ameshona kwa mtu miaka miwili, anatafuta ya kukodi. Elfu thelathini kwa mwezi."

Dunstan akachukua simu yake, akampigia mnunuzi wa Mombo, akamwambia asije. Akampigia na Jacob.

"Shemeji, hata nikikodisha cherehani, ada ya Julai inapungua tisini."

"Tisini elfu? Mimi nilidhani unataka milioni, ndiyo maana nilikaa kimya," Jacob alisema. "Hizo niandike."

Shamimu alichapa ratiba kwenye kompyuta, karatasi moja, awamu kwa awamu, na juu yake akaandika kwamba imetolewa kwenye mwongozo wa shule na tarehe ya Julai imethibitishwa na mhasibu kwa simu. Alitoa nakala tatu. Barua ya kumtoa mtoto shuleni haikuandikwa, na hakuna aliyeitaja tena.

Nyumbani Rhoda aliipokea ile karatasi, akaisoma yote, mpaka mstari wa faini. Kisha akaingia chumbani na kuanza kufunga begi. Dunstan alimsikia akilia humo ndani. Alisimama mlangoni, mkono kwenye fremu, hakujua aingie au aondoke. Akaondoka, akaenda kupiga pasi sare ya binti yake.

Mambo yalikwenda kama yalivyoandikwa. Mei alilipa elfu arobaini na mbili, na mwisho wa mwezi huohuo hamsini za mitihani. Julai, Jacob alichelewesha zake, zikaingia siku mbili kabla ya tarehe. Dunstan aliomba ruhusa kazini, akaipeleka stakabadhi Handeni mwenyewe. Picha ingetosha, na yeye alijua hivyo.

Mhasibu aligonga muhuri. Rhoda aliitwa kutoka darasani. Alikuwa amerefuka, sketi ikampanda juu ya magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ya tatu imekwisha. Imebaki ya Septemba."

"Najua. Nakala yangu iko ndani ya daftari." Alimtazama shati, lilivyokuwa linamning'inia mabegani. "Baba, unakula?"

Miezi yote watu walikuwa wakimuuliza hivyo, naye alikuwa akijibu kwamba anakula. Safari hii mdomo ulifunguka na jibu hilo halikutoka.

"Hapana," alisema. "Sili vizuri. Na usiku silali."

Rhoda hakusema pole. Alimshika mkono wa shati, akamuongoza mpaka jikoni kwa mpishi wa shule, mama mmoja aliyeitwa Grasiana, akaomba sahani ya wali na maharage kwa ajili ya baba yake. Dunstan alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akala. Aliona chumvi imezidi. Alishangaa kwamba ameiona.