Namba ya Mwisho kwenye Wasifu Wangu

Damu haijawahi kunitisha. Nimezalisha kwa mwanga wa kibatari, nimezalisha ndani ya mtumbwi, mama katoka kisiwa cha Rukuba na hajafika nchi kavu, na mikono yangu haikutetemeka. Kilichonitetemesha ni karatasi. Hadi leo nikiikumbuka asubuhi ile ya Kigera, najiona kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Ilikuwa miaka ile mashirika ya umma yanauzwa na watu wanapunguzwa kazini kila kona. Kiwanda chetu cha nguo pale Musoma kilikuwa na zahanati yake, na mkunga wake nilikuwa mimi. Mnunuzi alizitaka mashine, wodi ya wazazi hakuitaka. Tukaambiwa tujiandae kufunga. Mume wangu alikuwa ameshapunguzwa kwenye kinu cha pamba huko Bunda, amerudi kwao Butiama kulima mihogo, na mimi nimebaki Buhare, hapo hapo Musoma, na watoto, wote wananitazama mimi. Basi niliposikia kuna mradi wa afya ya wajawazito unafunguliwa Bunda, na unatafuta mkunga wa kufundisha wenzake, nilijua nikiukosa huo sina pengine pa kushika.

Tangazo lao lilitaka wasifu. Hilo silo lililonishtua. Kilichonishtua ni mstari mmoja chini yake: kwenye sehemu ya uzoefu, mwombaji asiorodheshe majukumu, aeleze mafanikio, tena kwa namba. Nesi mwenzangu alikuwa amepeleka wake uliochapwa mjini, kwa vijana wanaonakili chochote utakachowapa, makosa na yote. Ulirudishwa na alama ya kuuliza kubwa pembeni.

Aliyejua mambo hayo alikuwa mmoja tu, na huyo mmoja nilikuwa namkwepa.

Zamani alikuwa mchapaji wa ofisi ya kiwanda. Wataalamu walipokuja kukikagua kiwanda kabla hakijauzwa, yeye ndiye aliyewachapia ripoti zao, akaona wanavyoandika na wanachokitafuta. Alipopunguzwa aliiweka mashine yake ya kuchapa barazani kwake, Kigera, na watu wakawa wanapanga foleni. Mke wake alikuwa rafiki yangu. Alifariki akijifungua, mimi nikiwa naye. Mume mwenyewe alikuwa Butiama kwenye msiba wa mjomba wake, na aliporudi alikuta matanga nyumbani kwake. Kwenye mazishi alinishika mkono akasema, "Asante, shemeji." Hakuniuliza kitu. Miaka miwili ikapita hajaniuliza. Angenitukana ningejua pa kusimama, lakini ile asante ilinifanya niwe nazunguka njia ya mbali ili nisipite mbele ya baraza lake. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Nilikwenda asubuhi na mapema ili nisikutane na watu, karatasi yangu nimeikunja mara nne kama hirizi.

"Karibu, shemeji. Leo umepotea njia?" alisema, na akacheka. Mimi sikuweza kucheka.

Akasoma nilichoandika, kwa sauti. Kuzalisha akina mama. Kupima wajawazito. Kutoa chanjo. Kutunza vifaa. Akaiweka karatasi magotini.

"Hizi ni kazi ulizopewa. Hata mkunga mvivu, mwenye kulala zamu nzima, anafanyaga hizi hizi. Wao wanataka kujua, kitu gani kilibadilika kwa sababu wewe ulikuwepo?"

Akanipa mfano wa fundi mmoja wa mitambo ya kufuma. Fundi alikuja na sentensi yake: nilihudumia mitambo. Yeye akamuuliza, ulipoanza mitambo ilikuwa inasimama mara ngapi kwa zamu? Ishirini. Ulipoondoka? Nane. Ulifanya nini? Nilibadilisha ratiba ya kutia mafuta. Basi, mchapaji akaniambia, sentensi ikawa imejiandika yenyewe: ulichofanya, kutoka ngapi hadi ngapi, kwa muda gani. "Na uwe unaweza kusema umeitoa wapi hiyo namba," aliongeza, "maana kwenye usaili wanauliziaga hapo hapo."

Namba nilikuwa nazo, nilizinakili kwenye daftari la uzazi. Watoto waliozaliwa wazima mikononi mwangu ndani ya miaka sita walikuwa mia nane na arobaini. Aliichapa hiyo kwa Kiingereza chake cha ofisini, kisha akatikisa kichwa. "Hii inaonyesha wingi wa kazi. Inafaa, lakini haijasema kilichobadilika." Tukaweka ya kliniki: zamani mjamzito mmoja kati ya watano ndiye aliyekuja kupimwa mapema, na baada ya mimi kuanza kuzungukia majumba ya wafanyakazi wakawa watatu kati ya watano. Hiyo aliipenda. Nami nikaanza kupumua, nikidhani tumemaliza.

"Sasa tuje kwenye penyewe," akasema. "Mradi ni wa akina mama wasife. Hapo ndipo watakapotazama kwanza. Ulifanyaga nini?"

Ningesema sikufanya kitu. Lakini alikuwa amefanya kazi kiwanda kile kile, mpango wangu aliujua. Kadi za wajawazito wenye dalili mbaya nilikuwa nazitia alama nyekundu ili wapelekwe hospitali kubwa kabla uchungu haujawazidi, na meneja nilimwomba mpaka akakubali gari dogo la kiwanda lipangiwe dereva wa zamu kwa ajili yao. Nilimweleza kwa kifupi. Yeye akachangamka.

"Hiyo ndiyo! Kabla ya mpango, akina mama walikufa wangapi? Na baada yake?"

"Walipungua," nikasema.

"Kupungua ni neno la mkutano wa hadhara. Kutoka ngapi hadi ngapi?"

Niliogopa. Nasema waziwazi, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mbele ya mgonjwa. Niliyatazama magoti yake badala ya uso. Aliinama akanitania, bado hajui anapoelekea: "Mficha uchi hazai, shemeji. Si wewe unawaambiaga wenzako hivyo?"

Hapo ndipo nilipoona mlango wa kutokea. "Weka asilimia," nikasema haraka. "Vifo vilipungua kwa asilimia sabini na tano."

Nilidhani nimekuwa mjanja. Asilimia haina sura wala haina mume.

"Asilimia sabini na tano ya ngapi?"

"Si inatosha hivyo hivyo?"

"Haitoshi. Namba ndogo haiandikwi kwa asilimia, watajua unapamba. Wakikuuliza ya watu wangapi, ukigugumia, umekwisha. Miaka miwili kabla ya mpango walikuwa wangapi?"

"Wanne."

"Na miaka miwili baada?"

Nikaanza kukunja pindo la kanga yangu. Akadhani nimesahau. Akachukua penseli, mtu mwenye subira, akaanza kunisaidia. "Si tunaweza kuitafuta. Robo tatu ya wanne ni watatu. Wanne toa watatu, anabaki..."

Hakuimalizia. Penseli ilibaki juu ya karatasi. Nilisikia jirani akitwanga, nikasikia kuku. Miguu yangu ilikuwa tayari kuondoka bila kuniuliza. Nikawaza: sasa atasimama, atanifukuza, atasema mbele ya mtaa mzima kwamba nimekuja kuombea kazi kwa kaburi la mke wake. Na ningemjibu nini? Si ndivyo ilivyokuwa?

"Gari lilikuwa wapi siku ile?" aliuliza.

Swali nililolizungukia njia miaka miwili lilitoka kwa sauti ndogo, kama anauliza saa.

"Bunda," nikasema. "Walilituma kufuata vipuri, mimi sikuambiwa. Nilimtuma mlinzi barabarani asimamishe gari lolote. Lililosimama lilikuwa la samaki. Nilipanda naye nyuma, mtoto keshazaliwa, nikawa nambana kwa mikono yangu njia nzima. Damu haikukubali kusimama, shemeji. Tulifika hospitali bado anaongea. Hakufika chumba cha upasuaji."

"Alikuwa anaongea nini?"

"Alisema mtoto asibaki na njaa."

Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa akitazama vidole vyake. "Sikukuuliza," akasema, "kwa sababu niliogopa utanidanganya ili unipoze. Na leo umekuja kunipoza kwa asilimia."

Nililia. Sikutaka, ila nililia, nikafuta uso kwa kanga, nikamwambia tuufute mstari wote, ule wa kliniki ungetosha, na kama hautoshi basi nitalima mihogo na mume wangu. Nilimaanisha kila neno. Nilikuwa nataka tu kuondoka pale.

"Tukiufuta, wale watatu waliookoka nao unawafuta," alisema. "Na ukiandika sifuri, umesema mke wangu hakufa. Kaa chini."

Nikakaa. Alichapa taratibu, kidole kimoja kimoja, yeye ambaye kiwandani alisifika kwa kasi. Alipofika mwisho wa mstari alisimama kidogo, kisha akapiga ile namba, na nikaona mabega yake yakishuka.

"Wale mia nane na arobaini," aliuliza bila kugeuka. "Binti yangu yumo?"

"Yumo."

"Haya."

Binti mwenyewe alikuwa Butiama kwa bibi yake, anatembea na kuvunja vyombo, nilisikia. Baba yake aliitoa karatasi kwenye mashine, akaipuliza, akaniambia niisome kama kuna kosa. Malipo alikataa, nami sikubishana naye.

Nilikwenda Bunda kwenye usaili hofu ikiwa imehamia kwingine. Nyuma ya meza walikaa watu watatu, daktari wa wilaya katikati. Aliupitia ukurasa kwa kalamu yake mpaka ikatua pale pale nilipojua itatua. Alisema amesoma wasifu nyingi wiki ile na kila mkunga ameandika kwamba kwake hakufa mtu. Kisha akaniuliza namba zangu nimezitoa wapi. Nikasema ziko kwenye daftari la uzazi, wanaweza kulitazama. Akauliza mpango wa gari ulishindwa wapi, nikamweleza habari ya vipuri na ya lile la samaki, na nikasema gari la wajawazito halitakiwi kutumwa kitu kingine chochote, na hata wakiniajiri wakanitaka ninyamaze, hilo nitaendelea kulisema. Mmoja wao alitabasamu. Nadhani hapo ndipo nilipoipata kazi, maana waliniita baada ya siku chache.

Lakini daktari hakutabasamu. Alikuwa bado ameweka kalamu kwenye ile namba ya mwisho.

"Huyu mmoja," akasema, "alikuwa nani?"

Nikamjibu kwamba alikuwa mke wa mtu aliyenichapia hiyo karatasi.