Jibu la Ujumbe Mtupu

Mnisamehe mwandiko mbaya na makosa; mimi huandika polepole. Katika duka letu la dawa za mifugo, hapa Longonot, dada yangu aliweka programu ya akili bandia ijibu jumbe za simu za wateja. Asubuhi moja mathe jirani, mama mfugaji, aliingia akitaka sindano.

"Mmejuaje ng'ombe wangu ni mgonjwa?"

Kwa bahati mbaya simu yake ilikuwa imetutumia ujumbe mtupu, bila neno. Badala ya kumuuliza anataka nini, programu ilijitungia ugonjwa, ikamwandikia maelezo marefu ya matibabu.

Dada aliyasoma. "Mathe, si huyo ng'ombe wako ana mimba? Dawa hii ingeitoa."

Tulikuta jumbe tupu nyingine, zote zimejibiwa kirefu. Tukiwapigia waliozituma, hawapokei simu. Kama ulijibiwa hivyo, usidunge mnyama. Tuandikie hapa kwanza, tutakujibu sisi wenyewe.