Kabla Ukurasa wa Dada Haujafungwa

Asubuhi moja simu ya mama ililia, ule mlio mfupi wa ujumbe, naye akanipa nimsomee kwa sababu miwani yake ilikuwa chumbani. Mtandao ulikuwa unamkumbusha kwamba leo ni siku ya kuzaliwa ya dada yangu, amtakie heri. Chini ya maneno hayo palikuwa na picha ya dada ameshika sinia la vileja, vile vibiskuti vyake vya kuuza, anacheka. Dada tulikuwa tumeshamzika, na arobaini yake ilikuwa imeshapita.

"Wasemaje?" mama aliuliza.

"Hamna kitu. Ni tangazo tu."

"Tangazo gani lenye picha ya mwanangu? Miwani sina, lakini macho ninayo."

Nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akaichukua simu akaitia chini ya mto, akarudi kupepeta mchele.

Jioni shemeji, mume wa dada, akaja kumwona mtoto wake. Mtoto ana miaka mitatu na anakaa na sisi hapa Nguvumali, maana baba yake hushinda kazini. Siku hiyo hata chai hakuigusa.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba. Kaa."

Alikaa, akatutolea simu yake. "Watu wanamtakia maisha marefu. Marehemu, maisha marefu. Na huyu hapa ameagiza vibibi vya harusi, hakujibiwa, kaandika kuwa biashara imemtia kiburi." Akaizima simu. "Nataka ukurasa ule ufutwe. Tumpumzishe."

Mimi mbele ya shemeji si msemaji, husalimu nikajiendea zangu jikoni. Siku hiyo nilisimama mlangoni na birika mkononi nikasema, "Na video je?"

Wakanigeukia wote wawili.

Video zile nazijua moja moja, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikishika simu. Dada alikuwa akipika vileja, vibibi, mkate wa kumimina, huku akieleza, watu wanatazama kisha wanaagiza. Mimi nilikuwa nyuma. Akiniambia nije nionekane nilikimbia, naye akawa ananitania mbele ya wateja wake: "Huyu mpiga picha wangu ni mwari, haonwi." Simu yake ilikuwa na nafasi ndogo, kwa hiyo kila akishapandisha video mtandaoni aliifuta kwenye simu ili apate nafasi ya nyingine. Zilikuwa zimebaki kule tu. Na mtoto alikuwa ameanza kumwita bibi yake mama. Sauti ya mama yake halisi ataisikia wapi, kama si kwenye zile video?

Hayo yote sikuyasema. Nilisema, "Mtoto atamsikia wapi?"

Shemeji alimtazama binti yake, aliyekuwa akijaribu kuvaa viatu vyake, vile vikubwa vya baba. "Basi uliza," akasema. "Uliza namna. Lakini mimi siwezi kuendelea kuona vile."

Kesho yake nikaenda kwenye duka la stationari, hapo mtaani wanapopiga picha za pasipoti. Mwenye duka ni dada mmoja anayewajazia watu maombi ya kwenye mtandao. Nilisubiri wateja waishe ndipo nikasema shida yangu. Akanielewesha kuwa njia ni mbili. Ya kwanza ni kuomba ukurasa ufutwe: vitu vyote vinaondoka, na video zinaondoka navyo, havirudi. Ya pili ni kuomba uwe ukurasa wa kumbukumbu. Hapo juu ya jina huwekwa neno la kumkumbuka, watu hawaambiwi tena wamtakie heri ya kuzaliwa, na yaliyomo yanabaki palepale kwa wale waliokuwa wakiyaona.

"Ila ukishakuwa wa kumbukumbu," akasema, "hakuna anayeingia tena. Hata mwenye nywila haingii. Kama kuna kitu mnataka kukitoa au kukiondoa, fanyeni kabla."

"Nywila hatuijui."

"Si wanatuma namba kwenye laini yake?"

Laini shemeji alikwenda kuifunga mara tu baada ya arobaini. Watu walikuwa wakipiga, naye akaona si adabu simu ya marehemu iite bila mtu wa kupokea. Alifanya kwa wema. Kwetu mambo ya marehemu hayaachwi yakining'inia.

"Basi omba Mungu ukurasa uwe bado uko wazi kwenye simu yake," dada wa stationari akasema. "Iko wapi?"

Simu ilikuwa Kigombe, kwa kina shemeji. Nguo na vitu vya dada vilipogawiwa, simu ilimwangukia wifi, mdogo wake shemeji. Nilimpigia palepale dukani.

"Wifi, ule ukurasa wa dada bado uko kwenye simu?"

"Upo. Ndiyo leo nataka niutoe niweke wangu, maana meseji zake zinaniliza."

"Usiutoe."

"Kheri? Wifi yangu leo una sauti? Mimi nilidhani wewe ni bubu."

"Usiguse palipoandikwa kutoka. Ukitoka haturudi tena. Nakuja."

"Njoo. Na usije mikono mitupu, wifi hapewi maneno makavu."

Shemeji akakubali ukurasa uwe wa kumbukumbu, nami nikampelekea wifi vitumbua. Alivipokea, akavihesabu kwa utani, akanikabidhi simu ikiwa imefungwa kwenye kitambaa. Tukakaa barazani kwao, mimi na yeye, tukaufungua ukurasa. Dada akatokea na unga mpaka kwenye nyusi. Wifi alisema, "Haya, tazama yule, hata kujifuta hana habari," kisha akainuka akaenda ndani, akarudi macho mekundu, tukaendelea.

Kuchukua nakala ya ukurasa mzima kulitaka nywila. Kwa hiyo nilizitoa video moja moja: unaifungua, unabonyeza vile vidoti pembeni, unachagua kupakua, unasubiri. Nilileta kadi ya kumbukumbu niliyonunua dukani, maana simu isingezibeba zote. Nilikesha? Hapana, wifi aliniambia nilale, bando limekwisha na mtandao wa pale kwao huja ukijisikia. Asubuhi nikamalizia. Kila moja niliifungua kwenye kadi nikaitazama mpaka mwisho, kuhakikisha kuwa imeshuka na sauti yake.

Karibu na mwisho nikafika kwenye ile ya kesha la harusi. Dada anacheza katikati ya wanawake wenzake, kichwa wazi, nywele zimesukwa, anapendeza. Aliiweka ionwe na mashoga zake tu, lakini mashoga zake ni wengi. Nilijua shemeji atauliza. Nikampigia.

"Ile ya kesha nimeiona," nikasema. "Ukurasa ukigeuka ikiwa imo, haitaondoka tena."

Nikasikia akisogea mbali na kelele za kazini.

"Iondoe kule," akasema. "Alikuwa mke wangu, nywele zake si za watu." Kisha akasema polepole, "Lakini iwekeni. Mtoto akikua, nyinyi wanawake mtamwonyesha. Aone mama yake alivyokuwa akicheza."

Nikaipakua kwanza. Ndipo nikaifuta, nikaenda kwenye taka za ukurasa nikaifuta na huko pia.

Niliporudi Nguvumali, dada wa stationari alinakili kadi yote kwenye flashi ili ziwe sehemu mbili. Flashi tukampa mama, akaiweka kwenye sanduku lake la kanga. Kisha tukaomba, kwa kutumia ukurasa wangu mimi, kwa sababu si halali mtu kuomba akijifanya ndiye marehemu. Tukaambatisha cheti cha kifo.

Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa, nalo halikuwa zuri. Walisema jina la kwenye cheti si jina la kwenye ukurasa.

Ilikuwa kweli. Cheti kina jina la dada alilopewa na wazazi. Ukurasa aliuandika Mama Fulani, kwa jina la mtoto wake, kama anavyoitwa mwanamke yeyote mtaani kwetu akishazaa. Hata mimi nilikuwa nikimwita hivyo. Wateja wake wengi hawakuwahi kulijua jina lake jingine. Lakini mtu aliye mbali anayesoma maombi atajuaje kwamba mwanamke mmoja ana majina mawili na yote ni yake?

"Andika ufafanuzi," dada wa stationari akasema.

"Wataamini maandishi yangu?"

"Hayo tu hapana. Mtoto ana cheti cha kuzaliwa?"

Nilikwenda nyumbani nikakileta. Kina jina la mtoto, na chini yake jina la mama yake, lilelile la kwenye cheti cha kifo. Nikaketi kwenye stuli ya duka kuandika. Mimi niliishia darasa la saba na mkono wangu mzito. Wateja wawili walitoa fotokopi wakaondoka nami bado niko pale. Niliandika kwamba kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe, kwamba huyu ndiye mwana, na kwamba tarehe ya kuzaliwa kwenye ukurasa na kwenye cheti cha kifo ni moja. Dada wa stationari akayageuza kwa Kiingereza, tukatuma na vyeti vyote viwili.

Safari hii walikubali. Shemeji ndiye aliyeona kwanza. Alikuja na simu yake mkononi, akamwonyesha mama lile neno la kumkumbuka juu ya jina. Mama alivaa miwani akasoma mwenyewe.

"Ndiyo," akasema. "Sasa watajua."

Lakini wateja bado walikuwa wakiuliza, na mtu wa vibibi bado alikuwa na hasira. Chini ya video ya mwisho, kwa ukurasa wangu, nikaandika: "Mimi ni mdogo wake, niliyekuwa nashika simu. Dada ametangulia mbele ya haki. Mwombeeni." Walianza kujibu mpaka nikashindwa kusoma. Mtu wa vibibi aliomba radhi, kisha akasema harusi bado ipo, je, mdogo mtu anajua kupika?

Mama akasema tujaribu. Kwanza tukajaribu vileja, maana ndivyo alivyokuwa akiviuza zaidi. Tuliiegemeza simu kwenye kopo la sukari, dada akawa anatuelekeza: samli kwanza, ipige hata iwe nyeupe, usiwe na haraka. Mtoto alisimama mbele ya simu, kidole mdomoni. Dada kwenye video alidondosha mwiko, na nyuma ya simu mtu akacheka, kicheko kidogo cha kujizuia.

"Huyo mama," mtoto akasema, akionyesha. Tulikuwa tumemfundisha. Kisha akaangalia huku na huku kwenye kioo cha simu, akitafuta. "Na anayecheka nani?"

"Mimi," nikamwambia.

Akanivuta gauni nisogee, nikae naye mbele.